Kukodi paking au stoo ndani ya kompaundi ya watu: mkataba wako ni wa nini hasa?

Hapa Arusha ukipita Sakina, Njiro, Kijenge au Moshono utakuta nyumba nyingi zina uwanja mkubwa kuliko mahitaji ya waliomo ndani, na mwenye nyumba kaona bora ile nafasi iliyobaki imuingizie chochote. Anakodisha sehemu ya kulaza gari, au kile chumba cha nyuma alichokuwa anakaa dada wa kazi anakigeuza stoo. Wateja wapo kila siku, madereva wa watalii wenye gari moja la kwao na hawana ofisi, mafundi wenye vifaa, watu wa shughuli wenye viti na maturubai. Moshi nako ni hivyohivyo, Pasua na Majengo kuna watu wanahifadhi mahema na vyombo vya kupandia mlima, na wale wanaouza Kiborloni wanatafuta pa kulaza mabelo ya mitumba.

Sasa angalia makubaliano yenyewe yanavyofanyika. Hela inatumwa kwa simu, ufunguo unatolewa, basi. Wakiandikishana sana wananunua ile karatasi ya steshenari iliyochapwa MKATABA WA UPANGAJI WA NYUMBA, wanajaza majina na kiasi, wanasaini. Ile karatasi inaongelea vyumba, choo, usafi, kutobadilisha rangi ya ukuta. Gari haimo, saa ya geti haimo, nani anashika ufunguo haimo, na kikiibiwa kitu haisemi hasara ni ya nani. Halafu siku tatizo linatokea kila mtu anaishika karatasi ileile anasema inamtetea yeye.

Kinachosumbua ni kwamba hamjajibu swali moja ambalo linabeba mengine yote. Je, umepangishwa eneo, umeruhusiwa tu kulitumia, au umemkabidhi mtu mali yako akutunzie? Kwa macho vinafanana kabisa, gari limelala ndani ya geti na unalipa kila mwezi, ila kisheria ni mambo matatu tofauti na kila moja lina majibu yake kwenye wizi, kwenye kufukuzwa na kwenye sehemu ya kupeleka kesi.

Kupangishwa ni pale eneo linapokuwa lako kwa muda huo. Stoo ina mlango, kufuli ni lako, ufunguo unao wewe peke yako, na hata mwenye nyumba akitaka kuingia anakupigia simu kwanza. Paking nayo inaweza kuwa ya namna hii kama imetajwa ni ipi, imepimwa, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuweka gari pale hata ukisafiri wiki mbili. Hapa Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, ndo inakuhusu, na wewe ni mpangaji kama mpangaji mwingine yeyote.

Kuruhusiwa ni pungufu ya hapo. Umeambiwa njoo uweke gari, ila leo unaweka chini ya mparachichi, kesho unakuta pana gari la mgeni unaweka karibu na tanki la maji, keshokutwa mlinzi anakwambia sogea kidogo. Huna eneo ulilolishika, una nafasi tu ya kuingia. Ruhusa ya hivi ni dhaifu, anayekupa anaweza kuiondoa kirahisi zaidi, na kitakachokulinda ni yale tu mliyokubaliana kwenye mkataba wenu. Paking nyingi za kwenye makompaundi ziko hapa hata kama karatasi imeandikwa upangaji kwa herufi kubwa, maana wanaokuja kuamua wanaangalia mnavyoishi na lile eneo, hawaishii kwenye kichwa cha habari.

La tatu ni amana, yaani umemkabidhi mtu mali. Umemuachia mlinzi ufunguo wa gari ili alisogeze wengine wakitaka kutoka, au umeweka mizigo kwenye stoo ya pamoja ambayo ufunguo anao mwenye nyumba na wewe ukitaka kitu unamuomba afungue. Hapa inaingia Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo inamtaka aliyepokea mali aitunze kwa uangalifu ule ambao mtu wa kawaida mwenye busara angetunza mali yake mwenyewe ya aina hiyohiyo. Akitunza hivyo na bado ikapotea, kwa kawaida hadaiwi, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Hayo maneno ya mwisho yana uzito sana, kwa sababu yanamaanisha mnaweza kuandika kwamba mwenye kompaundi anabeba zaidi ya hapo, na kama analipwa vizuri sioni kwa nini asibebe.

Tuchukulie mfano mmoja tuupitie polepole. Kaka mmoja dereva wa watalii, ana Land Cruiser yake moja iliyorefushwa, kwake Sakina gari haliingii maana njia ni nyembamba. Anapata kompaundi ya mama mmoja, ina nyumba kubwa mbele na vyumba sita vya wapangaji nyuma, geti moja, mlinzi wa usiku. Anaenda jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu. Umetumwa na dalali?"

"Ndiyo mama, nimeambiwa kuna paking na stoo ndogo."

"Ipo. Paking elfu arobaini, stoo hamsini. Mlinzi yupo, hapa hapaibiwi kitu."

Analipa miezi sita, yaani 540,000, anapewa ufunguo wa stoo. Kila kitu kinaenda vizuri msimu wa wageni. Mwezi wa nne mvua zinanyesha, kazi hakuna, anaenda kwao kijijini wiki kadhaa. Kwa vile ana mwenzake ambaye huwa anaazima mahema, anamuachia mama ufunguo wa ziada, anamwambia mama akija fulani mfungulie achukue mahema mawili. Akirudi anakuta betri za gari hazipo, tairi la spea halipo, na kwenye stoo mahema mawili mengine hayaonekani. Mama anasema mimi sijui, ulikodi nafasi, sikukodi ulinzi. Kaka anasema mama ulisema hapaibiwi kitu.

Nani yuko sahihi? Wote wawili, nusu nusu. Kwenye gari mama ana hoja. Kaka aliegesha mwenyewe, akafunga mwenyewe, ufunguo wa gari akaondoka nao, mama hajawahi kulipokea wala kulikagua. Hapo kilichokodiwa ni nafasi. Ile kauli ya hapaibiwi kitu ni maneno ya kukaribisha mteja, na kuyageuza kuwa ahadi ya ulinzi itabidi kaka atoe ushahidi mwingine, kwa mfano risiti au meseji inayoonyesha kwamba ndani ya ile elfu arobaini kuna hela ya mlinzi, na kwamba mlinzi alikuwa na kazi ya kuangalia magari na siyo kufungua geti tu. Mlinzi wa kufungua geti na mlinzi wa mali ni kazi mbili, watu wanazichanganya kila siku.

Kwenye mahema mambo yanageuka. Mwanzoni stoo ilikuwa ya kupangisha, kufuli la kaka, ufunguo wa kaka. Ila siku aliyomuachia mama ufunguo na mama akakubali kumfungulia mtu na kutoa vitu, mama kaingia kwenye kutunza. Sasa anaulizwa alitunzaje. Ufunguo ulikaa wapi, ndani kwake au ulining'inia kwenye msumari wa varanda ambapo wapangaji wote wa vyumba sita wanapita? Aliyekuja kuchukua mahema alihesabiwa? Mama alisimama pale au alimpa ufunguo akarudi jikoni? Kama ulikuwa varanda, mama ana kazi ya kujieleza. Kama alikuwa nao ndani, akasimama, akahesabu mahema mawili, akafunga, basi kaka ndo atabaki na mzigo wa kueleza hayo mengine yalipotelea wapi, na kwa kuwa hakuna aliyeandika mwanzoni mlikuwa na mahema mangapi ndani, hata polisi watapata shida pa kuanzia.

Ungetakiwa kuandikwa mstari wa namna gani? Mfupi tu, kama hivi: "Mpangaji ndiye anayeshika funguo zote za stoo. Mwenye nyumba hatakuwa na ufunguo wala hatafungua kwa niaba ya mpangaji. Ikitokea mpangaji amemuachia ufunguo, wataandikiana siku hiyo idadi ya vitu vilivyomo na jina la mtu anayeruhusiwa kuvichukua." Na kwa upande wa gari: "Kodi ya paking inajumuisha ulinzi wa usiku kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Mlinzi ataandika kwenye daftari gari linapoingia na kutoka." Au kama ulinzi haumo, andikeni wazi kwamba haumo, ili anayeegesha ajue na aende kwenye bima. Na hapo kwenye bima naomba watu waelewe, ile bima ndogo ambayo wengi tunakata ili tusisumbuliwe barabarani hailipi gari lako likiibiwa, inalipa madhara uliyomsababishia mwingine. Bima kubwa ndo inaangalia wizi wa gari lako, na hata hiyo uliza kabisa kuhusu vifaa vinavyong'olewa kama betri na spea, na kama wanataka kujua gari linalala wapi waambie ukweli, maana ukiandika linalala kwako na kumbe liko kompaundi ya mtu, umewapa sababu ya kukataa kulipa.

Kabla ya yote hayo lakini kuna jambo ambalo watu wanaliruka, nalo ni kama huyo anayekupangishia ana mamlaka hayo. Kompaundi ya pamoja ina watu wengi na kila mmoja anaongea kama mwenyewe. Unakuta aliyekupa paking ni mpangaji wa nyumba kubwa, kaona uwanja upo wazi, anakukodisha wewe nusu yake apunguze makali ya kodi. Kama mkataba wake na mwenye nyumba haumruhusu kupangisha mtu mwingine, mwenye nyumba akirudi kutoka Dar atakwambia toa gari na hela yako kamdai uliyempa, na atakuwa na haki ya kusema hivyo. Kwa hiyo muombe aliyekupa akuonyeshe ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi, hata meseji ya simu inasaidia kuliko neno tupu.

Moshi hili linakuja kwa sura nyingine, nyumba ya familia ambayo mzee alishafariki. Kaka mkubwa anapokea kodi, dada yupo Dar, mdogo wao anakaa palepale nyuma na hajapewa chochote. Siku wakigombana, stoo yako ndo inawekwa kufuli la pili juu ya kufuli lako. Nyumba ya marehemu inasimamiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, huyo ndo asaini. Kama hajateuliwa mtu, basi angalau wote wanaoishi pale na wanaojulikana kuwa warithi wasaini, na ujue bado unasimama pahala palipolegea, usilipe mwaka mzima. Mwenyekiti wa mtaa anawajua, nenda kamuulize kabla ya kutoa hela, ni swali la dakika kumi.

Turudi kwenye paking yenyewe. Ipime. Siyo kwa macho, kwa futikamba. Land Cruiser iliyorefushwa inakaribia mita 5 na nusu, upana kama mita 2, na ukitaka kufungua mlango bila kugonga la jirani unahitaji nafasi ya upana wa mita 2 na nusu au zaidi kidogo. Angalia na urefu wa kwenda juu, maana gari la watalii lina keria na paa la kufunuka, geti lenye kibanda cha zege juu linaweza kukuzuia, pamoja na matawi na waya wa umeme unaoenda vyumba vya nyuma. Ingia nalo mara moja kabla hujalipa, geuza, toka. Kama ni lazima mtu mwingine atoe lake ndo wewe utoke, basi hapo kuna jambo la kuandika, kwa sababu dereva wa watalii anaondoka saa 11 alfajiri kwenda Ngorongoro, na gari lililokuziba ni la mwalimu ambaye yuko usingizini. Mtaandika ama kwamba nafasi ya nyuma yako haizibwi kabla ya saa 1 asubuhi, ama kwamba kila mwenye gari anaacha ufunguo kwa mlinzi. Ukichagua hilo la pili kumbuka tulivyosema, ufunguo ukishaachwa kwa mlinzi gari limeanza kuwa amana, na mwenye kompaundi naye alijue hilo kabla hajakubali, kwa sababu mlinzi akiligonga ukutani anaulizwa yeye.

Saa za geti ziandikwe. Kuna kompaundi geti linafungwa saa 4 usiku na mlinzi halifungui tena, kwa mpangaji wa chumba ni sawa, kwa anayetoka uwanja wa ndege wa KIA kupeleka mgeni hotelini saa 7 usiku ni balaa. Maji ya kuoshea gari nayo, kama mita ni moja na bili ya AUWSA inagawanywa kwa vichwa, wale mama wa vyumba vya nyuma watanuna na watakuwa na haki, gari la porini linakula maji mengi. Kubalianeni ni mara ngapi kwa wiki au uchangie kiasi gani, au osheni nje kabisa.

Na msiba. Hili halipo kwenye karatasi yoyote ya kununua na ndo linaleta ugomvi mkubwa kwenye makompaundi yetu. Akifiwa mtu pale, uwanja unajaa maturubai na viti, magari yote yanatoka, na hakuna mtu mwenye utu atakayeenda kudai paking yake kwenye matanga. Sawa kabisa, lakini gari lako lilale wapi hizo siku? Andikeni kwamba ukitokea msiba au sherehe ya familia, mpangaji wa paking atatoa gari akiambiwa, na zile siku zinaongezwa mwishoni mwa muda wake au zinakatwa kwenye kodi inayofuata. Kwa kodi ya elfu arobaini kwa mwezi siku tano ni kama elfu sita na mia saba hivi, siyo hela ya kugombana, ila ikiandikwa hakuna anayejisikia kudhulumiwa. Kwa harusi na kipaimara, ambavyo vinajulikana mapema, weka taarifa ya wiki moja.

Kwenye stoo jambo la kwanza ni unyevu, na nauweka mkataba pembeni kidogo kwa sababu mahema na mitumba vinaoza vikiwa ndani ya mkataba mzuri tu. Nenda ukaione mchana, mlango wazi. Angalia ukuta kuanzia chini hadi usawa wa goti, ukiona rangi imebanduka na kuna unga mweupe kama chumvi, maji yanapanda kutoka kwenye msingi na masika yakianza, kuanzia mwezi wa tatu, hali itakuwa mbaya zaidi. Angalia dari, miduara ya rangi ya chai ni bati linalovuja. Vuta pumzi ndani, harufu ya uvundo haidanganyi. Mizigo iwekwe juu ya mbao au mapaleti, iachane na ukuta kiasi cha kupitisha mkono, na hema lililotoka porini likaushwe juani kabla ya kufungwa.

Baada ya kuangalia ndo unarudi kwenye karatasi na kuandika hali uliyoikuta, pamoja na picha zilizopigwa siku hiyo mbele ya wote wawili. Bati likivuja nani anarekebisha na ndani ya siku ngapi baada ya kuambiwa? Kama mkataba umesema mwenye nyumba ndani ya siku 7, ukamtumia meseji na picha, akanyamaza, mahema yakaharibika, hapo una cha kudai. Kama hukumwambia kabisa ukaja kulalamika baada ya mwezi, utaulizwa kwa nini ulinyamaza na mali ni yako.

Mwenye nyumba naye ana hofu zake za haki. Hajui kilicho nyuma ya lile kufuli. Mtu anaweza kuweka petroli kwenye madumu, mitungi ya gesi, mali ya wizi, na kwa mkoa wetu huu hata nyara za serikali, na polisi wakija wanakuja nyumbani kwake. Kwa hiyo anastahili kuandikiwa aina ya vitu vitakavyokaa humo, vitu visivyoruhusiwa kabisa, na haki ya kukagua akitoa taarifa ya siku moja, mpangaji au mtu wake akiwepo. Ukaguzi wa namna hiyo haumfanyi awe mtunzaji wa mali yako, kwa hiyo wote mnabaki pale mlipo. Asichostahili ni kile kipengele kinachosema kodi ikichelewa atafungua stoo na kuuza vilivyomo. Kikate kabla ya kusaini. Kama anaogopa kucheleweshewa, achukue dipoziti ya mwezi mmoja.

Muda na notisi sasa. Mkataba wa mwaka mmoja au chini ya hapo Sheria ya Ardhi inaruhusu uwe hata wa mdomo, ndo maana asikwambie mtu kwamba kwa vile hamkuandika basi huna haki yoyote. Na kama hamkutaja muda wala notisi, upangaji unahesabiwa kuwa wa vipindi, unalipa kwa mwezi basi unaenda mwezi kwa mwezi, na anayetaka kuuvunja anatoa notisi isiyopungua kipindi hicho. Yaani kuambiwa Ijumaa kwamba Jumapili stoo iwe wazi haiko sawa kama wewe ni mpangaji. Kama una ruhusa tu ya kuegesha popote, huna kinga hiyo, ndo maana nasisitiza notisi iandikwe hata kwenye paking. Siku 30 kwa pande zote mbili inatosha, na useme hela iliyolipwa mbele inarudishwaje, kwa mfano ulilipa miezi sita, notisi inaisha mwezi wa nne, ya miezi miwili inarudi ndani ya siku 14. Ongeza na nyumba ikiuzwa, maana Njiro huko viwanja vinabadilisha mikono, mnunuzi anataka kuvunja ajenge ghorofa na paking yako haijui.

Kuna na mambo ya TRA. Mkataba wa pango unalipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwa hiyo kwenye mfano wetu wa 90,000 kwa mwezi, mwaka ni 1,080,000 na ushuru ni 10,800. Wengi hawalipi, halafu wakifika kwenye kesi hati inapingwa isipokelewe kama ushahidi mpaka ushuru na faini vilipwe. Kama unakodi kwa ajili ya biashara yako kuna na kodi ya zuio ya asilimia 10, wewe mpangaji ndo unaikata na kuipeleka. Kwenye ile 540,000, unapeleka 54,000 TRA na mwenye nyumba anapokea 486,000 pamoja na cheti cha zuio. Hili liongelewe kabla ya kutaja bei, kwa sababu akina mama wengi wenye nyumba wakikatwa bila kuelezwa wanaona umewaibia, wakati ile hela inahesabiwa kwenye kodi yao wenyewe.

Mkishasaini, kila mmoja abaki na nakala, mashahidi wawe wawili, na muhuri wa ofisi ya serikali ya mtaa unasaidia kuonyesha kwamba mlikuwepo na mlikubaliana, ingawa hauwezi kumpa mamlaka mtu ambaye hakuwa nayo. Kodi ikilipwa kwa simu andika kwenye meseji ni ya nini, paking mwezi fulani, stoo mwezi fulani, tenganisha, usitume jumla tupu.

Mambo yakiharibika, sehemu ya kwenda inategemea lile swali la mwanzo. Kama ni ugomvi wa kukaa au kutoka kwenye eneo ulilopangishwa, unaanzia baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake kwenye migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu, haliamui. Likishindwa linatoa hati ya kuonyesha usuluhishi umeshindikana, na hiyo ndo unaenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama ni wizi nenda polisi siku hiyohiyo uchukue namba ya RB, hata bima wataiulizia. Na kama unamdai aliyepokea mali yako fidia ya kutokuitunza, hilo ni dai la mkataba na linaenda mahakama ya kawaida, kwa thamani ya mahema mawili mahakama ya mwanzo inatosha. Yule kaka wa Sakina angeenda nalo baraza la ardhi angezungushwa miezi kisha aambiwe amekosea mlango.